Nusu Iliyopotea: Kwa Nini Kasi ya x² Si x

Tatu kipeo cha pili ni 3 + 3 + 3. Tano kipeo cha pili ni tano zilizojumlishwa mara tano. Basi x² ni x + x + x na kuendelea, mara x. Hakuna wa kubisha mpaka hapa. Sasa tutafute kasi ya badiliko ya kila upande, yaani tupime thamani inapanda kiasi gani x inapoongezwa kidogo sana, kipimo ambacho kwenye grafu tunakiona kama mteremko. Upande wa kushoto kanuni ya vipeo inatupa 2x. Upande wa kulia kila x ina kasi ya 1, nazo ziko x, kwa hiyo jumla yake ni x. Pande zilikuwa sawa tangu mwanzo, basi 2x = x. Gawa kwa x, unabaki na 2 = 1.

Kila hatua hapo inafanana na kitu ambacho mwanafunzi wa kidato cha tano amefundishwa. Kuzidisha ni kujumlisha kwa kurudia. Hilo analijua tangu shule ya msingi. Kasi ya jumla ni jumla ya kasi. Hilo amelipata katika wiki za mwanzo za kalkulasi. Ndiyo maana hoja hii inasumbua: hakuna kugawa kwa sifuri kulikofichwa, wala alama ya kutoa iliyosahauliwa, hila ambazo hoja nyingi za 2 = 1 huzitegemea.

Jibu linalotolewa mara nyingi darasani ni kwamba maneno "mara x" yana maana pale tu x inapokuwa namba kamili. Huwezi kujumlisha kitu mara 3.7. Kasi ya badiliko nayo inahitaji namba zote zilizo karibu na x, zikiwemo desimali, kwa sababu tunaiongeza x kwa hatua ndogo tupendavyo. Kwa hiyo upande wa kulia haufai kutafutiwa kasi, na mjadala unafungwa.

Jibu hilo lina ukweli wake, lakini kwa maoni yangu halitoshi. Linamkataza mwanafunzi kuandika sentensi fulani bila kumweleza ile x nyingine, nusu nzima ya jibu sahihi, imekwenda wapi. Tena kuna njia mbili za kuonyesha kwamba halijafika kwenye mzizi. Ya kwanza ni kubaki ndani ya namba kamili peke yake, ambako "mara x" ina maana safi kabisa, na kuona kwamba kosa lilelile linajitokeza. Ya pili ni kuyapa maneno "mara x" maana nzuri hata kwa desimali, na kuona kwamba mara moja tunapata 2x.

Kabla ya hapo, tuitazame hoja hii katika umbo jepesi zaidi. Namba 3 ni 1 + 1 + 1. Namba x ni moja zilizojumlishwa mara x. Kasi ya 1 ni sifuri, kwa sababu 1 haibadiliki. Sifuri ukizijumlisha mara yoyote unapata sifuri. Kumbe kasi ya x ni sifuri, ilhali tunajua ni 1. Hapa hakuna pa kujificha: moja zile hazibadiliki hata kidogo, kwa hiyo kupanda kote kwa x kunatokana na idadi yao. Tumepima kitu kisichobadilika, na kile kinachobadilika tumekipita bila kukitazama. Katika x² mambo ni hayohayo, ila kule vitu viwili vinabadilika kwa pamoja, na hoja inapima kimoja tu. Ndiyo maana inapata nusu badala ya sifuri, na nusu inadanganya zaidi kwa kuwa inafanana na jibu.

Chukua kikundi cha kuweka akiba chenye wanachama 20, na kila mmoja anatoa shilingi elfu 20 kwa mwezi. Kwa mwezi kikundi kinakusanya elfu 20 mara 20, yaani shilingi 400,000. Mwezi unaofuata anaingia mwanachama mmoja, na mchango unapandishwa hadi elfu 21 kwa kila mtu. Makusanyo sasa ni elfu 21 mara 21, yaani shilingi 441,000. Yamepanda kwa 41,000. Zimetoka wapi? Wanachama 20 wa zamani kila mmoja ameongeza elfu moja, hizo ni 20,000. Mwanachama mpya ameleta elfu 21 zake. Jumla ni 41,000, na daftari limekamilika.

Mwenye hoja ya 2 = 1 ni mweka hazina aliyeandika 20,000 tu. Amewafuata wanachama wa zamani mmoja mmoja, akaona kila mmoja kaongeza elfu moja, akajumlisha bila kukosea, kisha akafunga daftari. Kila alichoandika ni kweli. Alichoacha ni mchango wa mwanachama mpya, na mchango huo mmoja ni mkubwa kuliko nyongeza zote za wenzake zikiwekwa pamoja.

Angalia kwamba katika hesabu hii hakuna desimali hata moja. Wanachama ni watu kamili, na "mara 20" na "mara 21" zina maana ambayo hakuna wa kuipinga. Hata hivyo kosa limetokea. Kwa herufi, ukitoka n kwenda n + 1:

(n + 1)² − n² = n + (n + 1) = 2n + 1

Ile n ya kwanza ni nyongeza ya vijumlisho vya zamani, na n + 1 ni kijumlisho kipya. Unaweza kuyaona haya kwenye orodha ya vipeo vya pili: 1, 4, 9, 16, 25. Tofauti zake ni 3, 5, 7, 9. Hoja ya uongo ingetabiri 1, 2, 3, 4. Kwa hiyo hata aliyeamua kuishi na namba kamili tu maisha yake yote angeiona hoja hii ikianguka, na asingeweza kuilaumu desimali.

Sasa twende upande wa pili, tuzikubali desimali. Je, kweli haiwezekani kujumlisha 3.1 mara 3.1? Mfanyabiashara anayeuza kilo tatu na robo hafikiri hivyo. Mara 3.1 ni mara tatu kamili, kisha sehemu moja ya kumi ya mara moja zaidi. Basi 3.1 mara 3.1 ni 3.1 + 3.1 + 3.1, ambayo ni 9.3, na juu yake sehemu ya kumi ya 3.1, ambayo ni 0.31. Jumla ni 9.61, na hiyo ndiyo 3.1² hasa. Maneno "mara x" yamepata maana, na maana hiyo haijavunja kitu.

Tutafute kasi katika x = 3 kwa njia hiyo. Tukitoka 3 kwenda 3.1, thamani inatoka 9 kwenda 9.61, yaani inapanda 0.61. Vijumlisho vitatu vya zamani vimeongezeka 0.1 kila kimoja, jumla 0.3. Kipande cha kijumlisho kipya kimeleta 0.31. Ukigawa 0.61 kwa hatua ya 0.1 unapata 6.1. Punguza hatua iwe 0.01: vya zamani vinaleta 0.03, kipande kipya 0.0301, jumla 0.0601, na ukigawa kwa 0.01 unapata 6.01. Kwa hatua ya 0.001 unapata 6.001. Kikomo chake ni 6, ambayo ni 2 mara 3.

Jambo la kutazama hapa ni ukubwa wa kile kipande kipya. Mtu anaweza kudhani kwamba hatua ikiwa ndogo sana, kipande cha kijumlisho kipya nacho kitakuwa kidogo kiasi cha kupuuzwa. Ni kweli kinapungua, lakini nyongeza ya vile vya zamani inapungua pia, na kwa mwendo uleule. Kwa hatua ya 0.001, vya zamani vinaleta 0.003 na kipande kipya kinaleta 0.003001. Vinakwenda bega kwa bega mpaka mwisho. Kitu unachoruhusiwa kukipuuza ni kile kinachopungua haraka kuliko hatua yenyewe, na hapa ni 0.000001 tu, ile ziada ndogo iliyobaki baada ya kutoa 0.003 mara mbili. Kutupa kipande kizima kwa sababu ni kidogo, huku ukiweka nyongeza ya vya zamani ambayo ni ndogo vilevile, ni kutumia vipimo viwili katika hesabu moja.

Lakini jibu x lililopatikana lazima liwe kasi ya kitu fulani. Hesabu haikufanywa ovyo. Ilifanywa sawasawa juu ya kitu kisicho x². Kitu hicho tunaweza kukiandika. Tuseme idadi ya vijumlisho inabaki namba kamili siku zote, na inapanda pale tu x inapofika namba kamili inayofuata. Tukiandika ⌊x⌋ kwa maana ya namba kamili kubwa kuliko zote zisizozidi x, tunapata

g(x) = x·⌊x⌋

Kati ya 3 na 4 idadi ni 3, kwa hiyo g(x) ni 3x. Inaanza na 9, inapanda kwa mteremko wa 3, inakaribia 12, halafu x inapotimia 4 inaruka ghafla hadi 16. Baada ya hapo inapanda kwa mteremko wa 4 mpaka inakaribia 20, kisha inaruka hadi 25. Kila x inapokuwa namba kamili, g(x) na x² ni sawa kabisa. Katikati hazilingani.

Kwa g(x) ile hoja iko sahihi: kasi yake kati ya namba kamili mbili ni ⌊x⌋, idadi ya vijumlisho, basi. Sasa tufunge hesabu kutoka 0 hadi 4. Mipando ya taratibu inaleta 0 + 1 + 2 + 3, yaani 6. Miruko inaleta 1 + 2 + 3 + 4, yaani 10. Jumla ni 16, ambayo ni 4². Endelea hadi 100: mipando ya taratibu inaleta 4,950, miruko inaleta 5,050, jumla 10,000. Hapo ndipo nusu iliyopotea ilipo. Hoja imepima mipando ya taratibu peke yake, na miruko yote, ambayo imebeba nusu ya kupanda na zaidi kidogo, haikuandikwa popote. Katika x² halisi hakuna miruko. Kilichokuwa kinaruka kwa mara moja kimesambazwa sawasawa njia nzima, na kwa sababu hiyo kinaonekana ndani ya mteremko.

Kuna sentensi moja katika hoja ambayo bado hatujaihoji: "pande zilikuwa sawa, basi kasi zake ni sawa." Sentensi hiyo inahitaji sharti. Pande mbili zikiwa sawa katika nukta moja tu, hakuna kinacholazimisha kasi zake kuwa sawa katika nukta ile. Lazima ziwe sawa katika eneo zima linaloizunguka. Chora x² kwenye karatasi ya grafu, kisha chora mstari wa 3x, yaani x + x + x. Vinakutana pale x ni 0 na pale x ni 3, basi. Katika x = 3 vyote vina thamani ya 9, lakini mstari unapanda kwa mteremko wa 3 na mchoro wa x² unapanda kwa mteremko wa 6. Vimepishana njia panda. Mwenye hoja aliposema x² ni "x + x + x" alikuwa sahihi kwa x = 3 peke yake, na akahesabu kasi kana kwamba usawa ule unaendelea pembeni.

Mstari huo unatufundisha jambo jingine. Kwa kila x, hoja inachukua mstari unaotoka kwenye asili ya grafu hadi kwenye nukta ya mchoro, na kutoa mteremko wa mstari huo. Huo ni wastani wa kasi tangu sifuri hadi hapo ulipo: umepanda x² katika mwendo wa x, wastani ni x. Kasi ya papo hapo ni 2x. Kwa kuwa kasi ya x² inaanza na sifuri na kupanda sawasawa, wastani wake siku zote ni nusu ya kasi ya mwisho. Jibu la uongo, kumbe, ni jibu la kweli la swali jingine.

Suala la vitu viwili vinavyobadilika kwa pamoja lilimshughulisha hata mmoja wa waasisi wa kalkulasi. Mnamo Novemba 1675, Gottfried Wilhelm Leibniz, akiwa Paris, alijiuliza katika maandishi yake binafsi kama badiliko la zao la namba mbili ni zao la mabadiliko yake. Alijaribu, akaona sivyo. Kanuni sahihi ilichapishwa mwaka 1684 katika jarida la Acta Eruditorum la Leipzig, katika makala iliyouarifu ulimwengu kuhusu njia yake mpya. Ukiwa na namba mbili, u na v, na kila moja ikaongezeka kidogo kwa du na dv, basi

(u + du)(v + dv) − uv = u·dv + v·du + du·dv

Kijumlisho cha mwisho ni kidogo mno ukilinganisha na vile viwili, nacho kinaachwa. Vile viwili vinabaki vyote. Weka u = v = x, na unapata x·dx mara mbili, yaani 2x·dx, na ukigawa kwa dx unabaki na 2x. Katika kikundi chetu, v·du ni nyongeza ya wanachama wa zamani, u·dv ni mchango wa mwanachama mpya kwa kiwango cha zamani, na du·dv ni ile elfu moja ya mwisho, nyongeza aliyoitoa mwanachama mpya juu ya zile elfu 20. Anayeandika v·du peke yake amesema, bila kujua, kwamba dv ni sifuri. Yaani kwamba hakuna aliyejiunga.

Kwa hiyo kanuni ya kasi ya jumla inahitaji isomwe kwa ukamilifu wake: kasi ya jumla ni jumla ya kasi, ikiwa idadi ya vinavyojumlishwa haibadiliki x inapobadilika. Vijumlisho vinaweza kuwa vitatu au milioni tatu, mradi vibaki hivyo. Sharti hili mara nyingi halitamkwi kwa sababu katika mazoezi ya kawaida idadi imeandikwa waziwazi kwenye ukurasa, na hakuna anayefikiri kwamba inaweza kusogea. Nukta tatu zilizo katikati ya "x + x + … + x" ndizo zinazoificha idadi inayosogea.

Kosa hili lina ndugu, na ni vizuri kuwatambua. Sema x³ ni x² iliyojumlishwa mara x. Kwa hoja ileile kasi yake itakuwa 2x mara x, yaani 2x², ilhali jibu ni 3x². Imepotea x² moja, theluthi ya jibu. Kwa x¹⁰ hoja itatoa 9x⁹ badala ya 10x⁹. Kila mara kinachokosekana ni sehemu moja, ile ya idadi, na kadiri kipeo kinavyokuwa kikubwa ndivyo kosa linavyozidi kuwa dogo kwa uwiano na gumu kuonekana. Kwa x kosa lilikuwa jibu zima, kwa x² nusu, kwa x¹⁰ sehemu ya kumi.

Ndugu anayewasumbua wanafunzi kweli katika mtihani ni xˣ, ambapo x ipo chini na ipo juu. Mmoja anatumia kanuni ya vipeo kana kwamba kipeo hakibadiliki, anapata x·xˣ⁻¹, ambayo ni xˣ. Mwingine anaichukulia x ya chini kama namba isiyobadilika, anapata xˣ·ln x. Kila mmoja ameigandisha x moja na kuiruhusu nyingine isogee, kama mweka hazina wetu. Katika x = 2, wa kwanza anasema 4, wa pili anasema takriban 2.77. Chukua kikokotoo: 2 kwa kipeo cha 2 ni 4, na 2.001 kwa kipeo cha 2.001 ni takriban 4.00678. Gawa tofauti kwa 0.001, unapata takriban 6.78. Hakuna kati yao aliyepatia, lakini majibu yao mawili yakijumlishwa yanatoa 6.77, na hiyo ndiyo kasi ya xˣ katika nukta hiyo.